Sentimita 45 za Nani?

Mwaka juzi nilimnunulia mama mkufu wa dhahabu wa sentimita 45. Niliujaribu mwenyewe dukani, ukanilalia vizuri juu ya mitulinga, ile mifupa miwili inayotokeza chini ya shingo. Mama alipouvaa, mkufu ulikwea juu na kumkaa shingoni, kidani kikageukia upande, na kila alipoinama ulimbana. Hakulalamika. Siku chache baadaye niliukuta umekunjwa ndani ya kitambaa kwenye kasha lake, na niliumia sana.

Nilikuwa nimenunua namba, nikaisahau shingo. Shingo yangu ina mzunguko wa sentimita 33, ya mama 40. Mkufu ule ule ulinibakizia sentimita 12 za kushukia kifuani, yeye ukambakizia 5 tu.

Urefu unaotajwa dukani, iwe sentimita 40, 45, 50 au 60, hupimwa mkufu ukiwa umefunguliwa na kunyooshwa mezani, ncha hadi ncha, pamoja na kifungo chake. Kidani hakimo. Kwa hiyo chenye urefu wa sentimita 3 hufika sentimita 3 chini ya pale mkufu unapoishia. Kwa shingo ya sentimita 33 au 35, mkufu wa 40 hukaa kwenye shina la shingo, wa 45 hugusa mitulinga, wa 50 hupita chini yake kidogo, na wa 60 hufika kifuani. Shingo ikinenepa, kila mmoja hupanda.

Ukitaka kujua kipimo chako, zungusha utepe wa fundi cherehani chini kabisa ya shingo, pale mkufu unapolala, bila kuukaza. Ongeza sentimita 5 kwa mkufu wa kukaa karibu na shingo, au 10 na zaidi ukitaka kidani kining'inie huru. Lakini mimi siku hizi naamini uzi kuliko hesabu. Chukua uzi imara, upitishe kwenye pete au ufunguo ili upate uzito, uvae mbele ya kioo, kisha ulegeze au uukaze mpaka ufunguo ufike unapopataka. Bana uzi kwa vidole nyuma ya kisogo, uvue, uupime kwa rula. Fanya hivyo ukiwa umevaa nguo utakayovaa nayo, kwa sababu mkufu unaoishia sawasawa na ukingo wa nguo hauachi kuingia na kutoka siku nzima.

Uzi huo utakuonyesha pia jambo linalowachanganya wengi: ukiongeza sentimita 5, kidani hakishuki 5. Nyongeza inagawanywa pande mbili za shingo, hivyo kinashuka sentimita 3 hivi.

Kwa mama, uzi ulitupa 52. Hatukuuza mkufu. Sonara aliunga kipande cha sentimita 7 upande wa kisogoni, cha karati ile ile. Mkufu ulikuwa na gramu 9, maana yake kila sentimita ni gramu 0.2, hivyo nyongeza ilikuwa dhahabu ya gramu 1.4 pamoja na ufundi. Ni vizuri kuipiga hesabu hiyo kabla ya kuuliza bei. Sasa anauvaa kila Ijumaa.

Mkononi hesabu inabadilika kulingana na kile unachovaa. Mnyororo mwembamba ni rahisi: pima kifundo cha mkono, ongeza sentimita 1.5 hadi 2. Kidole kimoja kikipita kati yake na ngozi, umepata. Shanga nene zinadanganya, kwa kuwa unene wake unakula nafasi ya ndani. Shanga za milimita 8 hula takriban sentimita 2.5 za mzunguko. Mwenye kifundo cha sentimita 16 akitunga urefu wa 18, atabaki na 15.5 ndani, na shanga zitamwachia alama. Atunge 19 hivi.

Bangili ngumu isiyofunguka haijali kifundo hata kidogo. Kinachoamua ni kiganja, kwa sababu lazima kwanza ipite hapo. Kunja kidole gumba kuelekea kidole cha mwisho, kama unayeivaa, kisha pima mahali papana zaidi, kwenye vifundo vya vidole. Ukipata sentimita 20, gawa kwa 3.14, upate kipenyo cha ndani cha kama sentimita 6.4. Kwa vipimo vya Kihindi vinavyotumika kwa bangili nyingi, hiyo ni mbili na nane, yaani inchi mbili na sehemu nane za kumi na sita. Pima mkono utakaovaa, maana mkono unaofanya kazi zaidi mara nyingi huwa mpana kidogo, na upime jioni, vidole vikiwa vimevimba kidogo kwa joto la mchana. Bangili inayopita kwa sabuni asubuhi yaweza kugoma kutoka usiku.