Releve inaonyesha dola 1.330, fomu inasema 700: wapi iko ukweli?

Wengi wetu, siku ile tunaomba kredi ku koperative, tunaandika ku fomu mapato ya nyumba kwa mwezi, kisha ajan wa kredi anaomba releve za akonti zote. Anajumlisha mistari ya kuingia, anaona hesabu haifanani na ile uliandika, na dosiye inabaki pale pale. Si lazima mtu awe mwongo. Mara nyingi ni juu mistari ya releve haijapangwa bado, na releve yenyewe haijui kutofautisha mshahara na deni yenye ndugu yako amekurudishia.

Nitatumia mwezi moja wa yaya yangu na bwana yake, hapa Lubumbashi. Wenyewe walikubali niandike, na hesabu nimezikata vizuri ili zisichoshe. Shemeji anafanya kazi ya mshahara, yaya anafuga kuku ya mayai nyuma ya nyumba. Walitaka kredi ya kuongeza banda. Ku fomu waliandika dola 700 kwa mwezi: 480 ya mshahara na 220 ya mayai. Wana akonti moja ya banki katika dola, na M-Pesa ya yaya. M-Pesa hapa kwetu ina mifuko mbili, moja ya dola na moja ya franga, kwa hiyo tuhesabu akonti tatu. Franga nilizigeuza zote dola kwa kiwango kimoja cha wakati ule, 2.800, mwezi mzima. Ukibadilisha kiwango kila mstari, mwisho utatafuta dola mbili tatu zenye hazijapotea.

Kabla ya kupanga chochote, angalia kama releve yenyewe iko kamili. Chukua solde ya mwanzo, ongeza yote yenye iliingia, toa yote yenye ilitoka, lazima ufike ku solde ya mwisho. Banki yao ilianza na 95, iliingia 730, ilitoka 658, inabaki 167. Ni sawa. Fanya vile kwa kila mfuko peke yake. Ikikataa hata kwa dola moja, kuna ukurasa haukupigwa kopi, ao mstari wa «frais» uliruka. Usiendelee mbele na releve yenye shimo, juu kosa ile utaikuta tena kwa mwisho na hautajua imetoka wapi.

Sasa kuingia. Ukijumlisha yote yenye iliingia katika zile akonti tatu mwezi wa tatu, unapata dola 1.330. Ajan aliona ile, akauliza: mbona mmeandika 700?

Kitu ya kwanza ya kutoa ni pesa yenye ilihama kutoka mfuko moja wa nyumba kwenda mwingine. Dola 180 zilitoka banki zikaingia M-Pesa. Kisha yaya alichenji dola 150 kwa ajan wa M-Pesa, akapata franga 420.000 ku mfuko wa franga. Pesa ni ile ile, lakini releve imeiandika kama kuingia kila mara ilipofika mahali mpya. Namna ya kuitambua: kiasi kimoja, upande wa Débit huku na upande wa Crédit kule, siku ile ile ao siku moja mbili nyuma. Ipe kundi lake, iite «kuhama», na jumla ya kundi ile lazima iwe sifuri: yenye ilitoka upande huu ndiyo yenye iliingia upande ule. Kama si sifuri, umesahau mstari moja, ao umechanganya frais ndani. Ukitoa zile 330, unabaki na 1.000.

Kitu ya pili ni pesa yenye iliingia kweli kutoka inje, lakini si mapato. Hapa releve haikusaidii, lazima uulize wenyewe. Mstari wa «VERSEMENT ESPECES» wa dola 150 ulikuwa likelemba: yaya alikuwa ametoa 30 kila mwezi, zamu yake ikafika. Ni akiba yake yenye imerudi. «VIR RECU» ya 100 ni rafiki wa shemeji alirudisha deni. Na 60 zilitoka kwa dada yao wa Kolwezi, za kununua dawa ya baba, zikatoka siku yenye ilifuata. Ile imepita tu mukononi. Jumla 310.

Basi 1.000 kutoa 310 ni 690. Fomu inasema 700. Shemeji akafurahi: «Unaona, tofauti ni dola kumi tu!»

Mtu mwingi angesimama hapo. Mimi nimesoma agronomi, na kile kisomo kimenifundisha kuogopa neno «mayai ilileta». Kwa 690 ile, 480 ni mshahara, na bulletin ya paie inakubali: net à payer, baada ya kutoa CNSS na IPR, ni 480. Hapo hakuna shida. Ile 210 yenye inabaki ni wateja wa mayai walilipa kwa M-Pesa. Lakini upande wa kutoka, M-Pesa ile ile ina mstari wa dola 130 kwa muuzaji wa provande. Yaya alikuwa ameiweka katika kundi la «chakula», pamoja na unga na mafuta ya nyumba. Ukiiweka pale, kuku inakula ku bajeti ya watoto, na mauzo yote inaonekana kama faida.

Mauzo si mapato ya nyumba. Mapato ni yenye inabaki kisha kulipa provande, dawa na vifaranga. Kwa hiyo kundi la kuku linapaswa kuwa peke yake, kuingia na kutoka pamoja, na kitu moja tu kinatoka humo kwenda ku bajeti ya nyumba: faida.

Kisha kuna upande wenye M-Pesa haioni. Majirani wananunua plato ya mayai na pesa ya mukononi. Yaya ana daftari, na daftari inasema 90 mwezi ule. Pia alinunua chanjo ya 15 kwa pesa ya mukononi. Tuhesabu: 210 na 90 ni 300, kutoa 130, kutoa 15, inabaki 155. Mapato ya nyumba ni 480 na 155, maana yake 635. Zile 690 zilikaribia 700 kwa bahati tu, juu kulikosa mauzo ya mukononi na gharama hazikutolewa. Makosa mbili zilivutana. Ndiyo sababu sipendi kulinganisha jumla na jumla peke yake. Linganisha kila chanzo: mshahara na bulletin, kuku na daftari.

Upande wa kutoka nitapita haraka, isipokuwa kwa mstari moja: kutoa pesa, «RETRAIT». Ile si matumizi. Ni kuhama tena, kutoka akonti kwenda mfukoni. Walitoa 305 mwezi ule, na ukiongeza zile 90 za mayai, mfukoni mlipita 395. (Likelemba pia ilipita mfukoni, lakini iliingia na ikaenda banki nzima, kwa hiyo haibadilishi.) Daftari na kumbukumbu zilieleza 330: soko, makala, transport, ile chanjo, na 30 ya likelemba. Zinabaki 65. Watu wengi wanazigawa kidogo kidogo ku chakula na transport ili ionekane vizuri. Usifanye vile. Ipe kundi lake, «haijulikani», uiache na jina lake. Ikipanda mwezi wenye unafuata, utajua pa kutafuta.

Kwa wenye wanatumia Excel, weka tarehe, maneno ya mstari, kiasi na kundi katika safu nne, kisha fomula moja inatosha kwa kila kundi:

```
=SOMME.SI(D2:D90;"makala";C2:C90)
```

Andika jina la kundi namna moja kila mara. «makala» na «makala ya jikoni» kwa fomula ni vitu viwili, na hesabu itapungua bila kukuambia.

Sasa jaribio la mwisho, lenye mimi naona ndilo kubwa. Matumizi ya nyumba, na zile 65 ndani, na frais za banki na M-Pesa ndani, yalikuwa 746. Mapato 635. Nyumba ilikosa 111. Lakini solde za akonti tatu pamoja zilianza na 112, zikamaliza na 221. Zimepanda 109! Namna gani nyumba inakosa 111 na akonti inapanda? Juu ya likelemba 150 na deni 100 zenye ziliingia, kutoa 30 ya likelemba yenye ilitoka: inafanya 220. Ukitoa 111 ku 220, unapata 109 kamili. Zile 60 za dawa ziliingia na kutoka, hazigusi kitu. Hesabu ikifunga vile, unajua hakuna mstari wenye umewekwa mara mbili wala wenye umepotea.

Yaya aliangalia ile karatasi kwa muda. «Kumbe mwezi ule wenye niliona tuko muzuri, njo tulikuwa tunakula akiba?» Ndiyo. Ni kweli kwamba ndani ya 746 kuna minervali 120 ya miezi tatu. Ukiigawa, ni 40 kwa mwezi, na matumizi inashuka 666. Hata hapo mapato hayafiki. Na wao walikuwa wanaomba kredi ya kurudisha dola 90 kila mwezi.

Walirudisha fomu na 635, na kikaratasi kidogo chenye kueleza namna 1.330 ilifika pale. Ajan alikipokea bila maswali mengi, juu kila hesabu ilikuwa na mstari wake ku releve. Kredi yenyewe waliipunguza nusu wenyewe, na yaya alianza kuandika mauzo ya mukononi kila jioni.

Kwa Aprili tulifanya hesabu mbele: hakuna minervali, hakuna zamu ya likelemba, hakuna deni ya kurudi. Mapato 635, matumizi 626, likelemba 30. Solde zilipaswa kushuka kutoka 221 hadi 200. Ilipofika tarehe 30, tulikuta 193. Zile 7 tulizipata kesho yake: yaya alinunua inite mara mbili kwa mtoto mwenye anasoma Likasi, na hakuiandika.