Tarakimu Ishirini, Visanduku Ishirini

Fomu imeingia kwenye simu saa nne asubuhi, na inatakiwa irudi kabla ya saa kumi jioni. Aliyeituma aliipitisha karatasi kwenye skana, akapata faili la PDF, akalituma lilivyo. Mwombaji analifungua kwenye kompyuta ya steshenari, anabofya juu ya nukta zilizo mbele ya "Jina kamili", na hakuna kinachotokea. Anabofya tena. Ukurasa umetulia tuli, kama picha ya ukutani.

Na kweli ni picha. Fomu iliyotengenezwa ili ijazwe kwenye kompyuta huwa na nafasi maalumu zilizofichwa juu ya ukurasa, kila moja ikisubiri maandishi yake. Skana haijui nafasi hizo. Yenyewe hupiga picha ya karatasi nzima, nukta, mistari, mhuri na hata alama ya mkunjo, vyote vikawa kitu kimoja. Kuna namna rahisi ya kuhakikisha: buruta kipanya juu ya maneno ya fomu. Maneno yakishika rangi moja moja, basi hizo ni herufi halisi. Ukurasa mzima ukigeuka buluu, au pasipotokea chochote, hiyo ni picha.

Wengi hapo huichapa, huijaza kwa peni na kuirudisha kwenye skana. Njia hiyo inafaa, ila kila mzunguko hupunguza ukali wa maandishi, na mwandiko wa haraka humsumbua atakayeusoma. Kuandika juu ya picha kunawezekana, na hakuhitaji programu ya kununua. Kivinjari cha Firefox, tangu toleo la 106 la mwaka 2022, hufungua PDF na kuonyesha kitufe cha Text upande wa juu. Unakibofya, unabofya mahali unapotaka, unaandika, kisha unayasogeza maandishi mpaka yakalie nukta. Kwa jina, kijiji, kata na anwani ya posta, hiyo inatosha kabisa.

Taabu huanza kwenye visanduku.

Fomu nyingi za Tanzania huomba namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA, ambayo ina tarakimu 20: nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kisha hufuata tano, tano na mbili. Fomu huweka safu ya visanduku 20, kila kimoja kwa tarakimu moja. Ukiandika namba hiyo kwa kawaida, tarakimu zote hubanana ndani ya visanduku vichache vya mwanzo. Wahudumu wengi hubonyeza kitufe cha nafasi kati ya tarakimu, mara moja hapa, mara mbili pale, na safu huishia kukanyaga mistari. Dawa ni kupima, na programu ya bure ya LibreOffice Draw inaruhusu upimaji huo.

Faili likifunguka ndani ya Draw, kila ukurasa huonekana ukiwa picha moja kubwa. Jambo la kwanza ni kuifunga picha hiyo isitembee: ichague, bonyeza F4, kisha weka alama kwenye Position chini ya neno Protect. Ukisahau hatua hii, kila utakapokosea kubofya utajikuta umeiburuta fomu nzima badala ya maandishi yako.

Kabla ya kuifunga, lakini, tazama kama imenyooka. Karatasi ikilazwa upande kidogo kwenye skana, hata kwa nyuzi moja tu, mstari wenye urefu wa milimita 170 hupanda au kushuka karibu milimita tatu kutoka mwanzo hadi mwisho. Jina litaanza juu ya nukta na kumalizikia chini yake. Chora mstari ulionyooka kutoka mwanzo wa safu ya nukta: ukiona nukta zinauacha, rudi kwenye dirisha lile la F4, fungua Rotation, uizungushe picha kidogo kidogo hadi viwili hivyo vikae sambamba. Kisha futa mstari wako na uifunge picha.

Sasa visanduku. Chora mstari mwingine kutoka ukingo wa kushoto wa kisanduku cha kwanza hadi ukingo wa kulia wa kisanduku cha 20, kisha soma urefu wake kwenye F4. Tuseme ni milimita 104. Gawanya kwa 20, unapata milimita 5.2 kwa kila kisanduku. Usipime kisanduku kimoja peke yake, kwa sababu ni rahisi kukisoma kuwa milimita 5 kamili, na kosa hilo dogo la milimita 0.2 huongezeka kila hatua. Ukifika mwisho wa safu, tarakimu imesogea karibu milimita nne, yaani iko ndani ya kisanduku cha jirani.

Kompyuta hupima herufi kwa pointi, na inchi moja yenye milimita 25.4 ina pointi 72. Kwa hiyo milimita 5.2 ni kama pointi 14.7. Chagua aina ya herufi ambayo alama zake zote zina upana sawa. Liberation Mono, inayokuja pamoja na LibreOffice, ni mojawapo. Katika aina hiyo upana wa kila alama ni sehemu sita ya kumi ya ukubwa wa herufi. Ukiandika kwa ukubwa wa 12, kila tarakimu huchukua pointi 7.2, na zilizobaki hadi kutimia kisanduku ni pointi 7.5. Andika namba yote bila nafasi, iteue, fungua Format kisha Character, na kwenye Position weka 7.5 mahali pa Character spacing. Tarakimu zinaachana zote kwa pamoja, na kila moja inapata chumba chake. Sogeza fremu ya maandishi hadi tarakimu ya kwanza ikae katikati ya kisanduku chake, na zile 19 zitafuata.

Mambo mawili huharibu kazi hii. Fremu ikiwa fupi, tarakimu za mwisho huangukia mstari wa chini. Ipanue ipite urefu wa safu. La pili ni vistari: kwenye kadi namba hugawanywa kwa vistari vitatu, na ukiviandika pia unapata alama 23 kwa visanduku 20. Fomu ikiwa imeacha mapengo kati ya mafungu, tumia fremu nne, moja kwa kila fungu.

Ukimaliza, toa nakala kwa Export as PDF. Aliyetumia Firefox afungue Print na achague Save to PDF, maana akihifadhi kawaida maandishi hubaki kama kijikaratasi kilichobandikwa juu, na simu nyingine hazikionyeshi au humruhusu mtu kukisogeza. Ifungue nakala hiyo kwenye simu kabla ya kuituma: jina likionekana na tarakimu zikiwa ndani ya visanduku, iko tayari. Kwenye WhatsApp itume kama faili, kwani ukipiga picha ya skrini na kuituma kama picha, hubanwa na herufi ndogo hufifia.

Pale penye sahihi, dole gumba na picha ya pasipoti paachwe wazi ikiwa ofisi inataka wino halisi. Wakati wa kuchapa, chagua ukubwa wa asilimia 100, kisha mwombaji aweke sahihi yake kwa peni kwenye karatasi ambayo mengine yote yameshasomeka.