Foleni Inakunywa Mafuta Kiasi Gani?

Trafiki wa Mwenge akishanyoosha mkono kuzuia upande wenu, mnaweza kukaa dakika tatu hata tano. Injini inaunguruma, gari halisogei, mafuta yanaungua. Mafundi huita hali hiyo sailensa.

Gari dogo la petroli, tuseme IST ya sisi 1,500, likiwa kwenye sailensa hunywa takriban robo tatu ya lita kwa saa. Washa kiyoyozi, linakaribia lita nzima au kupita. Mtu anayesimama jumla ya nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, kiyoyozi kikiwaka, kwa siku tano za kazi anachoma kama lita tano bila kwenda popote.

Kuzima kunalipa lini? Injini yenye moto, ikiwashwa upya, hutumia mafuta ya sekunde kumi hivi za sailensa, si zaidi. Lakini stata na betri navyo vina gharama, kwa hiyo mimi huzima nikiona nitasimama dakika moja au zaidi. Foleni ya kusogea hatua mbili na kusimama, achana nayo.

Betri ikichoka utaijua: stata inazunguka kwa uvivu. Hapo usizime, utakuja kusukumwa. Wala usizime gari likiteremka mlima. Breki huwa nzito baada ya kukanyaga mara mbili tatu, na usukani nao unakaza.