Fedha za mizigo ya Koboko: jinsi ya kudai malipo kwa wakati na hesabu inayolingana

Wafanyabiashara wa Awindiri, mjini Arua, wanaotuma bidhaa Koboko kwa utaratibu wa mteja kulipa anapopokea mzigo, hukutana na tatizo moja mara kwa mara. Mteja ameshalipa, lakini fedha hazijafika. Zinapofika huja kwa mkupuo mmoja, na haijulikani ni za mizigo ipi.

Koboko haiko mbali, ni kilomita zipatazo 55 tu kutoka Arua kwa barabara ya lami. Kwa hiyo mara nyingi chanzo cha kuchelewa si safari. Fedha hupita mikono kadhaa: dereva wa bodaboda anayekabidhi mzigo, ofisi ya msafirishaji ya Koboko, kisha ofisi ya Arua. Kila mmoja akingoja zijae kidogo ndipo apeleke, siku tatu huwa kumi. Aidha, msafirishaji asiyetenganisha fedha za wateja na fedha zake hujikuta ananunulia mafuta fedha ambazo si zake. Haki yake ni ada tu, kilichobaki ni amana.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara ametuma vifurushi 10 vya vitenge, kila kimoja Sh 90,000. Wamekubaliana ada ya Sh 5,000 kwa mzigo uliokabidhiwa, na Sh 3,000 kwa mzigo uliorudishwa. Kwa daftari lake, vifurushi 7 vimekabidhiwa, 2 vimerudi na 1 bado kiko stoo Koboko. Makusanyo ni Sh 630,000. Ukitoa ada ya kukabidhi Sh 35,000 na ya kurudisha Sh 6,000, anapaswa kupokea Sh 589,000. Lakini kwenye simu zimeingia Sh 504,000.

Pungufu ni Sh 85,000, na kiasi hicho kinaeleza kitu. Ni bei ya kifurushi kimoja ukitoa ada yake. Maana yake, kwa hesabu ya msafirishaji vimekabidhiwa vifurushi 6, si 7. Hapo hakuna haja ya kugombana. Mpigie simu mteja wa kila kifurushi kinachoonyeshwa kuwa bado hakijakabidhiwa, umuulize amelipa siku gani na kwa nani. Kama pungufu lingekuwa Sh 3,000 au 5,000, ungeanza kuchunguza ada.

Angalizo: linganisha hesabu na kiasi kilichoandikwa kwenye ujumbe wa simu, si na noti ulizopewa na wakala, kwa sababu unapotoa fedha hukatwa ada na kodi.

Utajua haya yote ikiwa tu taarifa inataja kifurushi kimoja kimoja. Taarifa yenye jumla peke yake haisaidii. Omba kwa maandishi, kwa mfano hivi:

"Ndugu Meneja,
Kuhusu vifurushi 10 tulivyowakabidhi Jumatatu kwenda Koboko, tumepokea Sh 504,000. Kwa hesabu yetu ni Sh 589,000, hivyo pungufu ni Sh 85,000. Tafadhali tuletee taarifa inayoonyesha, kwa kila kifurushi: namba yake, tarehe ya kukabidhiwa, kiasi kilichopokelewa, ada iliyokatwa, na kama kimerudi au bado kiko stoo. Jumla ya chini ilingane na fedha mlizotuma. Tunaomba pungufu lilipwe kabla ya Ijumaa. Kuanzia sasa, fedha za mizigo iliyokabidhiwa hadi Jumamosi jioni zilipwe Jumatano inayofuata, pamoja na taarifa yake."

Siku ya kufunga hesabu ni muhimu. Bila hiyo, mzigo uliokabidhiwa Jumamosi usiku utaonekana umepotea, kumbe utakuwa kwenye taarifa ya wiki ijayo. Na kwa kuwa Koboko imepakana na Sudan Kusini na Kongo, wapo wateja wanaolipa kwa dola. Kubalianeni mapema kwamba hesabu ni ya shilingi za Uganda, na kama fedha zimebadilishwa, taarifa itaje kiwango cha siku hiyo.

Msafirishaji asipojibu, simamisha kumpa mizigo mipya ya kulipiwa mlangoni ili deni lisikue. Hatua inayofuata ni madai madogo. Kanuni za Uganda za 2011 zinaruhusu madai yasiyozidi Sh milioni 10 kusikilizwa kwa utaratibu mfupi, baada ya kumpa mdaiwa notisi ya siku 14. Hapo utatakiwa kuonyesha stakabadhi za kukabidhi mizigo, ujumbe wa fedha zilizoingia na barua kama hiyo hapo juu. Asiyetunza stakabadhi za vifurushi atakuwa na wakati mgumu kuthibitisha kuwa vilikuwa 10.