Harusi ya Agosti: hesabu ya miezi kumi na moja mjini Kamembe

Mpango wa akiba ya harusi huanza na tarehe kabla ya fedha. Wachumba wengi hapa Rusizi hufanya kinyume: wanaweka akiba kwanza, halafu wanasubiri "zikitosha" ndipo wapange siku. Hazitoshi kamwe, kwa sababu fedha isiyo na siku yake huitikia kila shida inayobisha hodi. Siku ikishajulikana, kiasi cha kila mwezi kinajitaja chenyewe.

Tuseme wachumba wawili wa Kamembe wanataka kuoana mwaka 2027. Bwana harusi mtarajiwa anauza vitenge na viatu sokoni, na wanunuzi wake wengi wanavuka kutoka Bukavu. Bibi harusi mtarajiwa ni mwalimu wa sekondari. Kabla ya kuhesabu faranga moja, wakae na kalenda. Februari na Machi zinabana: Kwaresima inaanza tarehe 10 Februari na Ramadhani inaangukia majuma hayo hayo. Tarehe 7 Aprili inaanza wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na katika wiki hiyo hakuna sherehe. Familia nyingi huendelea kujizuia hadi mwanzoni mwa Julai. Kwa wilaya ambako watu walichukuliwa kutoka uwanja wa Kamarampaka wakaenda kuuawa mwaka 1994, hilo halihitaji kuelezwa mara mbili. Inabaki Julai na Agosti, kiangazi, barabara kavu, na kila mwenye harusi anataka siku zile zile.

Ndani ya Agosti kuna mtego mwingine. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, na hadi saa tano asubuhi watu wako kwenye kazi ya pamoja, huku magari mengi yakiwa yamesimama. Jumamosi hiyo ni tarehe 28. Kwa hiyo wachumba wetu wanachagua Jumamosi tarehe 21 Agosti. Gusaba no gukwa, yaani siku ya kuomba mchumba na kukabidhi mahari, wanaiweka Jumamosi tarehe 17 Julai, wiki tano kabla. Ofisi ya umurenge wanaiendea Alhamisi tarehe 5 Agosti, wasisubiri wiki ya harusi ambapo kila kitu kinadai umakini wao kwa wakati mmoja.

Sasa jumla. Nitatumia bei za mfano, kila mtu aziulizie upya kwa mpishi na mpambaji wake. Wageni ni 200. Mahari 700,000. Ukumbi, viti na mapambo 450,000. Chakula 600,000, yaani faranga 3,000 kwa kila mgeni. Vinywaji 500,000, yaani 2,500 kwa kila mgeni. Mavazi 300,000, picha na muziki 200,000, usafiri 150,000. Hapo zimefika 2,900,000. Wanaongeza 300,000 za dharura, jumla inakuwa faranga 3,200,000.

Angalia chakula na vinywaji. Hivyo ndivyo vifungu pekee vinavyopanda na kushuka kwa kichwa cha mgeni: faranga 5,500 kwa kila anayeketi. Ukumbi una bei yake hata wakija watu 120, na gauni halipungui bei kwa sababu shangazi hakufika. Anayetaka kuweza kupunguza gharama baadaye lazima aijue namba hii ya 5,500 tangu mwanzo.

Kuna jingine ambalo halimo kwenye jumla hiyo, na silitaki liwemo: intwererano, michango ya ndugu na marafiki. Michango ipo, tena ni desturi nzuri. Lakini hufika mwishoni, vikao vya harusi vikishaanza, na sehemu yake ni ahadi za mdomo. Mpishi anadai arubuni mwezi Julai, ilhali mjomba aliyeahidi kreti za Fanta atajulikana Agosti. Anayeiweka michango ndani ya bajeti ameshatumia fedha ambayo bado iko mfukoni mwa mtu mwingine. Ikifika, iandikwe kwenye daftari lake peke yake, jina na kiasi, kwa kuwa siku moja itarudishwa kwenye harusi ya aliyetoa.

Wanaanza kuweka Septemba 2026 na kumaliza Julai 2027, miezi kumi na moja. Njia ya mkato ni kugawa 3,200,000 kwa kumi na moja na kupata karibu 291,000 kila mwezi. Kwa watu wawili wenye mishahara huenda ikawezekana. Kwa mfanyabiashara wa mpakani mpango huo utavunjika mwezi wa kwanza, kwa sababu Septemba shule zinafunguliwa, wateja wananunua madaftari wala si vitenge, naye mwenyewe ana wadogo zake wa kulipia karo. Januari ni vilevile, baada ya matumizi ya sikukuu.

Basi mwalimu, mwenye mshahara wa mwezi, anaweka 100,000 bila kubadilika. Mwenzake anafuata soko lake: Septemba 50,000, Oktoba na Novemba 200,000 kila mwezi, Desemba 300,000 wakati watu wa Bukavu wanaponunua nguo za Krismasi. Januari anarudi kwenye 50,000. Februari na Machi 200,000 kila mwezi, Aprili 100,000. Mei 250,000, Juni 300,000 wakulima wa kahawa na wa mpunga wa Bugarama wanapoanza kushika fedha, na Julai 250,000. Yake ni 2,100,000, ya mwalimu 1,100,000. Mahari inatoka upande wa bwana harusi, kama inavyotakiwa, na hakuna atakayesema binti amejilipia.

Ratiba ya kuweka haijakamilika mpaka ilinganishwe na ratiba ya kutoa. Mwishoni mwa Januari zilizowekwa zinapaswa kuwa zimefika 1,300,000, na mwezi huo wanatoa 225,000, nusu ya ukumbi, maana kumbi za Agosti hazingoji. Mei wanalipa mavazi, 300,000. Juni, arubuni ya mpiga picha na muziki, 100,000. Tarehe 17 Julai, mahari 700,000. Hadi mwisho wa Juni wameweka 2,850,000, na wakishatoa hayo yote zinabaki 1,525,000. Akiba ya Julai, 350,000, inafikisha 1,875,000. Zinazobaki kulipwa ni nusu ya ukumbi, chakula, vinywaji, nusu ya picha na muziki, pamoja na usafiri: 1,575,000. Tofauti ni zile 300,000 za dharura, bado kamili. Hesabu ikigoma kufunga namna hii kwenye karatasi, haitafunga ukumbini.

Mavazi nimeyaweka Mei kwa makusudi. Gauni au suti ikitoka Bukavu, bei mara nyingi hutajwa kwa dola, na faranga ya Rwanda imekuwa ikishuka mbele ya dola miaka hii. Kinachouzwa kwa dola kilipwe mapema. Kinachouzwa kwa faranga, kama viazi, ndizi na nyama, kinaweza kusubiri.

Fedha ikae wapi? Wengi watasema ikimina, kikundi cha akiba cha mtaani. Ninaviheshimu vikundi hivyo, vimewasomesha watoto wengi wa Rusizi, lakini vingi hugawana mwisho wa mwaka, na harusi hii ni ya Agosti. Fedha itakuwa ndani ya sanduku siku ambayo mpishi anaitaka mezani. Simu nayo ni nyepesi mno: salio la MoMo unaliona kila unaponunua sukari. Mimi ningeipokea kwenye simu wiki nzima, kisha siku moja maalumu ya wiki iende Umurenge SACCO, ambayo ipo katika kila umurenge, kwenye akaunti inayohitaji saini za wote wawili. Saini mbili zina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kabla ya umurenge hawa wawili hawajawa mke na mume, na uchumba ukivunjika, akaunti ya jina moja itakuwa ya mwenye jina. Wiki ya kutoa fedha nyingi, meneja aarifiwe siku kadhaa kabla.

Kila mwisho wa mwezi, daftari lipate mstari mmoja tu: lengo, zilizowekwa, pungufu. Mfano, 31/1: lengo 1,300,000, zilizowekwa 1,265,000, pungufu 35,000. Pungufu la namna hiyo linazibwa Februari. Miezi miwili mfululizo ya pungufu linalokua ni habari nyingine.

Na kwa Rusizi habari hiyo huja kwa kawaida kutoka mpakani. Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa sababu ya korona. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, na Ruhwa kule Bugarama pakanyamaza. Februari 2025 M23 waliingia Bukavu, benki za huko zikafunga, na mteja asiye na fedha mkononi hanunui kitenge. Tuseme tukio kama hilo linatokea Februari 2027. Bwana harusi anaweka 50,000 badala ya 200,000, Februari na Machi. Pungufu ni 300,000.

Siku ya kuamua ni tarehe 31 Mei, ambapo lengo ni 2,450,000, na ipo kwa sababu kadi za mwaliko hazijachapishwa. Wakikuta wameweka 2,150,000, wanarudi kwenye ile 5,500. Wageni 55 wakipungua, zinaokolewa 302,500, na pengo limeziba bila kugusa dharura wala kukopa. Hakuna aliyefukuzwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amealikwa. Wakisubiri hadi Julai kadi ziko mikononi mwa watu, kinachobaki ni mkopo, na wataanza nyumba yao kwa kulipia bia iliyokwisha kunywewa.

Kukata majina 55 si kazi ya hesabu. Ni mazungumzo na wazazi wa pande mbili, na mama mmoja atasema jirani yake wa miaka ishirini hawezi kuachwa. Ndiyo maana orodha iandikwe mapema kwa makundi: wasioweza kukosekana, wanaopaswa kuwepo, na wanaoalikwa hali ikiruhusu. Wazee wakishakubaliana na makundi hayo Oktoba, wakati hakuna hasira, Mei wanakata kundi la tatu na si watu.

Agosti hakuna akiba inayowekwa. Mshahara wa mwalimu wa mwezi huo na mauzo ya wiki zake vinaachwa kwa kodi ya nyumba ya kwanza, godoro na unga, maana Jumatatu tarehe 23 wapishi wameshaondoka na watu wawili wanahitaji kula. Intwererano iliyofika ikizidi gharama, inaingia humo humo. Daftari la majina wanalihifadhi, kwa sababu Desemba inakuja na kadi za wengine.