Matayarisho ya Mimba: Kabla ya Kuacha Kupanga Uzazi

Mama akikosa hedhi na kupima mkojo, mtoto tumboni tayari ana takriban wiki mbili. Wiki mbili nyingine, yaani karibu siku ya 28 tangu mimba itungwe, mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo huwa umeshafunga. Usipofunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, au fuvu na ubongo wake hukosa kukamilika. Akina mama wengi hufika kliniki ya wajawazito mara ya kwanza wakiwa na mimba ya miezi minne au mitano. Vidonge vya madini ya chuma na foliki wanavyopewa hapo vinasaidia damu, lakini mgongo wa mtoto ulishafunga zamani.

Kwa hivyo asidi ya foliki huanzwa kabla. Kipimo cha kawaida ni mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kutafuta mimba, na ni bora miezi mitatu, hadi wiki ya 12 ya ujauzito. Unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti unaouzwa nchini huongezwa foliki kwa mujibu wa sheria tangu 2012. Unga unaosagisha mwenyewe kwenye posho hauongezwi, na mboga zikichemshwa sana hupoteza sehemu kubwa ya foliki yake.

Wako wanaohitaji kipimo kikubwa zaidi, miligramu 5 kwa siku, kwa kuandikiwa na daktari: mwenye kisukari, anayetumia dawa za kifafa, na aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi. Usijaribu kukifikia kwa kumeza vidonge vingi vya kliniki. Vina chuma pia, na ingebidi umeze zaidi ya kumi, chuma ambacho ni sumu kwa mwili.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 32 mwenye kisukari na presha, ambaye anatumia sindano ya kupanga uzazi na anataka mtoto wa pili. Anameza metformini, enalaprili ya presha na atovastatini ya mafuta mwilini. Angeacha sindano leo na kushika mimba, mtoto angekutana na sukari nyingi wakati ule ule moyo na mgongo vinapoundwa, na enalaprili ingeendelea kumfikia hadi miezi ya baadaye, inapoweza kudhuru figo zake.

Jambo la kwanza analoambiwa ni kuendelea na sindano kwa sasa. Anapimwa sukari ya miezi mitatu, kipimo cha damu kisichohitaji kukaa njaa, na anapata asilimia 9.4. Lengo ni chini ya 6.5 ikiwa anaweza kufika huko bila sukari kushuka kupita kiasi. Ikizidi 10, hushauriwa asishike mimba kwanza. Daktari anabakisha metformini na kuongeza insulini, anabadilisha enalaprili kwa methildopa, anasimamisha atovastatini na kumwanzishia foliki ya miligramu 5. Macho na figo pia vinakaguliwa, maana mimba huweza kuzidisha madhara ya kisukari yaliyopo. Baada ya miezi mitatu anapata 7.6, na mitatu mingine 6.5. Sasa ndipo anaacha sindano, na kwa kuwa uzazi unaweza kuchelewa kurudi kwa miezi kadhaa, anaendelea na foliki akisubiri.

Angalia kwamba dawa zilibadilishwa, hakuzitupa mwenyewe. Hili ni muhimu zaidi kwa kifafa. Valproeti huleta kasoro kubwa kwa takriban mtoto mmoja kati ya kumi na huathiri uwezo wa wengi kujifunza, lakini mama akiiacha ghafla anaweza kupata kifafa kinachomuua. Kubadilisha huchukua miezi, dawa moja ikipunguzwa huku nyingine ikipanda.

Limebaki suala la rubela, ugonjwa wa vipele na homa ndogo ambao mtu mzima huenda asiutambue. Ukimpata mama katika wiki 12 za kwanza, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, na mtoto wa jicho au tatizo la moyo. Kenya ilianza chanjo ya surua na rubela mwaka 2016, kwa watoto wasiozidi miaka 14. Aliyekuwa mtu mzima wakati huo hakuipata kwenye kampeni hiyo, ingawa huenda aliugua utotoni na tayari ana kinga. Kipimo cha damu huonyesha. Asiye na kinga huchanjwa kisha asubiri mwezi mmoja kabla ya kutafuta mimba. Chanjo hii ina virusi hai waliodhoofishwa, kwa hivyo mjamzito hapewi. Ya umma hulenga watoto, basi uliza kituo chako kama wanayo ya watu wazima.

Ukienda kituoni, beba dawa zako zote na pakiti zake, pamoja na za mitishamba na zile ulizonunua dukani bila kuandikiwa, na umwambie muuguzi mapema kwamba unapanga kupata mtoto.