Faida ya Ubia: Nani Achukue Nini Kwanza?

Mbia mmoja ametoa pesa nyingi lakini hashindi dukani. Mwenzake ametoa kidogo, ila ndiye anayefungua duka asubuhi na kulifunga usiku. Faida ikigawanywa kwa kufuata mtaji peke yake, huyu wa pili atanung'unika. Ikigawanywa nusu kwa nusu, wa kwanza ataona amedhulumiwa. Ndiyo maana mikataba mingi ya ubia hugawa faida kwa hatua tatu: riba ya mtaji kwa waliotoa pesa, mshahara kwa anayefanya kazi, kisha kinachobaki hugawanywa kwa uwiano waliokubaliana.

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye mtaji ameweka shilingi milioni 30, na msimamizi milioni 10. Wamekubaliana riba ya asilimia 10 kwa mwaka, mshahara wa msimamizi milioni 6, na masalio kugawanywa 3 kwa 2. Mwaka huu duka limepata faida ya milioni 18. Riba ni milioni 3 kwa mwenye mtaji na milioni 1 kwa msimamizi. Ukitoa na mshahara, inabaki milioni 8: mwenye mtaji anapata 4.8, msimamizi 3.2. Jumla, mwenye mtaji ana milioni 7.8 na msimamizi 10.2.

Mshahara huu si gharama ya duka kama ule wa kijana wa kaunta; ni sehemu ya faida yenyewe. Anayeuandika kwenye matumizi, kisha akautoa tena wakati wa kugawa, atabaki na milioni 2 badala ya 8. Kosa hilo hugundulika upesi: mafungu ya wabia yakijumlishwa lazima yafikie milioni 18 kamili. Na kama msimamizi alikuwa akichukua laki 5 kila mwezi, hiyo milioni 6 ameshaipokea. Anadai milioni 4.2 tu.

Ugomvi huzuka mwaka mbaya. Tuseme faida imeshuka hadi milioni 7, ilhali riba na mshahara ni milioni 10. Mkataba usiposema vinginevyo, vyote viwili huhesabiwa kikamilifu, na pengo la milioni 3 hubebwa kwa uwiano uleule: mwenye mtaji 1.8, msimamizi 1.2. Mwenye mtaji anabaki na milioni 1.2, msimamizi 5.8. Asiyekubali matokeo hayo aseme kabla ya kutia saini, ili mkataba uweke wazi kwamba mshahara utalipwa kwa kadiri faida inavyoruhusu.

Wasioandika chochote huamuliwa na sheria. Tanzania, Sheria ya Mikataba huwagawia wabia faida na hasara sawasawa, na haimpi yeyote mshahara kwa kuendesha biashara. Kwa faida ile ya milioni 18, kila mmoja angepata milioni 9, na msimamizi angepoteza milioni 1.2 kwa kukosa karatasi.